Tangazo la siku ya kupanda miti shuleni: tunavyoliandika na kulitekeleza huku Dodoma

Mwaka wa kwanza nilipokabidhiwa ulezi wa klabu ya mazingira, tangazo letu lilikuwa na mistari minne. Jumamosi saa mbili asubuhi, kila mwanafunzi aje na jembe na ndoo, tutapanda miti 300, nyote mnakaribishwa. Wakaja watoto karibu mia mbili, na majembe zaidi ya mia. Ilipofika saa tano miche yote ilikuwa ardhini, picha zimepigwa, na kijana mmoja wa Kidato cha Pili yuko zahanati, kidole cha mguu kimechanwa na jembe la mwenzake. Septemba nilipozunguka kuhesabu, miti hai ilikuwa 11. Tisa kati ya hiyo ilikuwa karibu na bomba.

Tangu hapo nimejifunza kwamba tangazo ndilo mpango wenyewe. Likisema vibaya, watu watafanya vibaya kwa bidii kubwa. Ninaeleza hapa tunavyoliandika sasa, na sababu ya kila mstari. Shule yetu ni ya kutwa, ukingoni mwa mji wa Dodoma, penye mvua za msimu mmoja: huanza Desemba na kuisha Aprili, kisha ni ukame hadi Novemba. Aliyeko Bukoba au Moshi atabadilisha tarehe na vipimo vya maji. Mengine yanabaki vilevile.

Anza na maji ya Agosti

Kabla ya kuandika neno lolote, kaa chini na wanaklabu mpige hesabu ya maji ya kiangazi. Mche mchanga kwenye udongo wetu unahitaji lita 10 mara mbili kwa wiki katika mwaka wake wa kwanza, mvua zikishakatika. Miti 300 ya mwaka ule ilitaka lita 6,000 kila wiki, yaani ndoo kubwa 300 za lita 20. Hakuna aliyepiga hesabu hiyo. Hata tungeipiga, bomba la shule lenyewe halitoi maji kila siku.

Klabu ina wanachama 64. Tukakubaliana kwamba kila mmoja anaweza kubeba ndoo moja kwa wiki, na wachache wenye moyo ndoo mbili. Ndoo 80 ni lita 1,600, na lita 1,600 ni miti 80. Basi idadi ya miti tukaipata hapo, kabla hatujafika kitaluni. Ofisa wa misitu alitaka kutupa miche zaidi bure. Tulimshukuru, tukachukua 88: 80 ya kupanda na minane ya kujazia itakayokufa.

Ugawaji ulikuwa hivi. Mpaka wa magharibi, ambako upepo wa vumbi hutokea, una urefu wa mita 180. Tulipanda mijohoro kila baada ya mita 3, na kwa kuwa mstari una mti mwanzoni na mwishoni, ikawa 61. Mbele ya madarasa tulipanda miarobaini 12 kwa ajili ya kivuli, mita 8 kutoka ukutani ili mizizi isisumbue msingi wala matawi yasizibe madirisha. Miembe saba ya kubebeshwa ikawekwa nyuma ya jiko, yanakomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Maji hayo hayamo katika zile ndoo 80, na kwa hiyo miembe ile hainikoseshi usingizi hata kidogo. Tulipita kwanza tukiangalia juu kama kuna nyaya za umeme, na chini kama kuna bomba au shimo la maji machafu.

Jambo moja zaidi kabla ya kuchimba: tembeeni kwenye eneo lenyewe mkitazama visiki. Huku kwetu visiki vingi vinavyoonekana vimekufa bado vina mizizi hai, na huchipua kila mvua kisha mbuzi hula machipukizi. Tulikuta vinne kwenye mpaka. Ukiacha machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, ukakata mengine na kukizungushia kisiki miiba, unapata mti usiohitaji ndoo hata moja. Wenyeji wanaiita njia hiyo kisiki hai.

Siku mbili, si moja

Kosa kubwa la tangazo la kwanza lilikuwa kuweka kuchimba na kupanda siku moja. Kuchimba ni kazi ya majembe, sululu na nguvu. Kupanda ni kazi ya mikono na utulivu. Ukizichanganya, shimo linachimbwa kwa haraka likiwa na kina cha kiganja, na mche unasukumwa humo huku majembe yakipepea kila upande.

Sasa tunachimba Novemba, kabla shule haijafungwa, kwa Jumamosi mbili. Kila shimo lina upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, ambazo ni rula mbili za shule. Udongo wa juu, ule mweusi kidogo wa sentimita 20 za mwanzo, unawekwa upande wa kulia wa shimo. Wa chini, mwekundu na mgumu, unawekwa kushoto. Mtoto wa Kidato cha Kwanza anaweza kuusimamia mgawanyo huu akiwa na rula tu, na ndiye tunayempa kazi hiyo.

Shimo likikamilika halibaki wazi. Hapa ndipo wengi hukosea: huchimba Novemba, huacha mashimo yakikenua hadi Januari, na ng'ombe au mtoto akitumbukia inakuwa kesi. Sisi tunachanganya udongo wa juu na nusu debe ya samadi iliyooza ya zizini, tunarudisha shimoni, kisha tunaongeza wa chini mpaka ibaki sentimita 15 hivi chini ya usawa wa ardhi. Udongo unaobaki unajengwa ukingo wa duara kuzunguka shimo, kama sahani. Mvua za kwanza za Desemba zinaingia kwenye kisahani hicho badala ya kutiririka barabarani, na watoto wanaporudi Januari wanakuta udongo laini uliolowa hadi chini. Penye mteremko, ukingo uwe nusu mwezi, mdomo ukitazama juu maji yanakotoka. Kigingi kinachomekwa katikati ili shimo lisipotee.

Samadi iwe imeoza kweli. Ukiishika na bado ni ya moto, au inanuka mkojo, itaunguza mizizi. Ile ya zizini iliyokaa msimu mzima, inayomeguka mkononi kama ugoro, ndiyo yenyewe.

Tangazo la kupanda, kama lilivyobandikwa

Hili hapa la Januari. Nalinukuu zima kisha nieleze.

> KWA WANAKLABU WOTE, WAZAZI NA WALEZI
>
> Shikamooni wazazi. Klabu ya mazingira itapanda miti 80 shuleni Jumamosi ya tatu ya Januari, saa 12:30 asubuhi hadi saa 4:00. Siku hiyo itathibitishwa Alhamisi mchana kwa bango la kijani kwenye mti wa kengele. Bango likiwa jekundu, udongo haujalowa vya kutosha na tunasogeza wiki moja. Tusipopata mvua hadi Jumamosi ya mwisho ya mwezi, miche inabaki kitaluni.
>
> Kila kundi lina watu wanne na mashimo matano. Orodha ya makundi iko ubaoni. Angalia jina lako na kazi yako.
>
> Kila mtu aje na: viatu vya kufunika vidole, kofia au kitambaa cha kichwa, chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, na nguo ya mikono mirefu.
>
> Kila kundi lije na: jembe moja la mkono, ndoo moja ya lita 20, kopo moja, na furushi la nyasi kavu.
>
> Usije na: wembe, panga, sululu, wala mdogo wako.
>
> Mwenye pumu, kifafa, au aliyewahi kuvimba baada ya kuumwa na nyuki amwambie mwalimu mlezi kabla ya Ijumaa. Atapewa kazi inayomfaa.
>
> Mzazi atie saini karatasi ya ruhusa na kuandika namba ya simu itakayopokelewa asubuhi hiyo. Asiye na karatasi hatashika jembe.

Mstari wa bango la kijani ndio uliozua mabishano. Mwalimu mwenzangu aliniuliza inawezekanaje kutangaza sherehe isiyo na tarehe ya uhakika. Nikamjibu kwamba mche hausomi kalenda. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni 1 Aprili, na tunaiheshimu kwa usafi na palizi, lakini mti unaopandwa Dodoma tarehe hiyo unapata wiki chache tu za mvua kabla ya miezi saba ya jua. Wa katikati ya Januari unapata muda wa kushusha mizizi. Hata hivyo Februari mara nyingi mvua hukatika katikati, ndiyo maana hatungoji mwisho wa Januari upite.

Kipimo cha Alhamisi ni rahisi. Watoto wawili wanachimba kishimo kando ya mashimo ya kupandia, sehemu tatu tofauti, na kusimamisha rula ya sentimita 30 ndani. Udongo wa mwisho wa rula unafinywa ngumi. Ukishikamana kama donge la ugali na usidondoshe maji, bango ni la kijani. Ukivunjika na kuwa unga hata sehemu moja kati ya tatu, ni jekundu. Mwaka jana lilikuwa jekundu mara moja, na kuna waliokuja bado wakiwa na ndoo kwa sababu hawakupita kwenye kengele. Sasa kiongozi wa kila kundi anawajibika kuwaambia wenzake watatu.

Nani anafanya nini

Makundi 16 ya watu wanne, kila kundi mashimo matano. Hesabu inakubali, na muhimu zaidi, kila mtu ana kazi moja yenye jina.

Mchimbaji ndiye pekee mwenye ruhusa ya kushika jembe. Anatoboa katikati ya udongo laini kishimo kidogo, kinachozidi kwa kiasi tu kiriba, ule mfuko wa nailoni wa mche. Akimaliza, jembe linalala chini, makali yakitazama ardhini, hatua tano kutoka kwa kundi.

Mpandaji anashika mche na kuuweka. Tunachagua wenye subira, na mara nyingi wale wakimya wa nyuma ya darasa ndio bora.

Mwagiliaji anachota maji kwenye simtanki na kuyamwaga kwa kopo, polepole, lita 10 kwa kila mti. Kwa miti 80 ni lita 800, hivyo simtanki ya lita 1,000 inatosha ikijazwa Ijumaa. Asiachiwe kumwaga kwa ndoo, kwa sababu ndoo inachimba shimo na kuufunua mzizi.

Mwandishi ana daftari. Anaandika namba ya mti, aina yake, na jina la atakayeumwagilia hadi Novemba. Nafasi hii huonekana nyepesi, na kuna aliyelalamika kwamba amepewa kazi ya mgonjwa. Lakini ni daftari lile lililotuonyesha mwaka uliofuata kwamba miti iliyokufa mingi ilikuwa ya watu wanaoishi ng'ambo ya reli, wanaoondoka mapema kuwahi nyumbani. Tukabadilishana zamu na walio jirani.

Nje ya makundi wapo wakata viriba wanne, wote wa Kidato cha Tatu na kuendelea, kila mmoja na wembe mmoja aliokabidhiwa na kuandikishwa. Wanapita kundi hadi kundi. Yuko mtu wa huduma ya kwanza, aliyekaa sehemu moja isiyobadilika na sanduku lake. Na yuko mlinda lango, kwa sababu mbuzi wa jirani hujua siku yetu kuliko sisi.

Kuupanda mche wenyewe

Ijumaa jioni miche inamwagiliwa hadi viriba viwe vizito. Hilo linafanya udongo ushikamane na usimomonyoke kiriba kikichanwa. Mche wenye urefu wa sentimita 30 hadi 50 unatosha. Mrefu kuliko huo unavutia macho kitaluni, lakini majani mengi yanataka maji ambayo mizizi michache haiwezi kuyatafuta. Hubebwa kwa kushika kiriba kwa chini. Ukimwona mtoto anauning'iniza kwa shina kama kuku, mrudishe.

Kundi likiwa tayari, mkata viriba anakuja. Kwanza anakata kitako cha kiriba pamoja na sentimita moja ya udongo wa chini. Ni kwenye kitako mizizi hugonga nailoni na kuanza kuzunguka. Mti uliopandwa na mizizi iliyojizungusha huishi mwaka, miwili, hata mitatu, kisha siku moja upepo unauangusha na unakuta chini kuna fundo kama chungu. Baada ya kitako anachana ubavu mmoja kutoka juu hadi chini, lakini haondoi nailoni. Mpandaji anaingiza mche shimoni bado umevikwa, kisha ndipo anavuta nailoni kutoka chini. Udongo haumwagiki.

Sasa kimo. Shingo ya mche, pale shina linapoanzia mizizi, iwe sawasawa na udongo wa ndani ya kisahani. Mpandaji analaza rula juu ya kishimo na kuona kama shingo imegusana nayo. Ukifukia shingo, gome huoza kwa unyevu. Ukiiacha juu, mizizi inakaushwa na jua. Kwa mwembe wa kubebeshwa, kile kifundo cha kiungo kibaki wazi kabisa juu ya udongo, na chipukizi lolote linalotoka chini yake liondolewe, maana hilo ni la mwembe wa chini, ule uliobebeshwa, usiojulikana matunda yake.

Udongo unarudishwa na kushindiliwa kwa viganja, si kwa kisigino. Mwandishi anashika jani moja kwa vidole viwili na kulivuta taratibu. Jani likichanika mche ukabaki, umeshika. Mche ukipanda juu, kuna hewa chini na mizizi inaning'inia, rudieni. Kisha maji, na nyasi kavu zilizotandazwa kwenye kisahani chote isipokuwa upana wa kiganja kuzunguka shina. Nafasi hiyo ni kwa sababu ya mchwa. Wakikuta nyasi zimegusa gome, wanapita toka nyasi hadi gome bila kuonekana.

Viriba vyote vinahesabiwa. Miti 80, viriba 80, vitako 80. Pungufu ikitokea, hakuna anayeondoka mpaka kipatikane, kwani ng'ombe akimeza nailoni tumbo linaziba na hakuna dawa ya kuitoa. Kundi la mwisho hupenda kulalamika hapa. Waache walalamike huku wanatafuta.

Mwisho, miiba. Matawi ya migunga yamekatwa na mafundi wazima siku moja kabla na kurundikwa. Kila mti unazungushiwa, ncha zikitazama nje, na anayezungusha anatumia fimbo yenye panda kusukuma, si mikono.

Usalama, kwa yale yanayotokea kweli

Ajali za siku ya miti si nyingi, ila zinajirudia. Ya kwanza ni jembe. Tangu kuchimba kuhamishiwe Novemba, majembe ya Januari yamepungua hadi 16, na hilo pekee limefanya kazi kuliko hotuba zote. Novemba kanuni ni moja: unaponyanyua jembe au sululu, hakuna mtu ndani ya hatua tatu mbele, nyuma wala ubavuni. Sululu inashikwa na Kidato cha Tatu kwenda juu. Kila mpini unajaribiwa kabla ya kuanza: geuza jembe, gonga kitako cha mpini kwenye jiwe mara mbili. Chuma kikicheza, linawekwa kando hadi fundi akaze kabari. Mwenye kandambili anarudishwa nyumbani kubadili viatu. Nimewahi kumrudisha kiranja mkuu.

Kidonda chochote chenye udongo kinaoshwa kwa maji mengi na sabuni, hata kikiwa kidogo, na mzazi anapigiwa siku hiyohiyo ili mtoto apelekwe kituo cha afya kuangaliwa kama anahitaji sindano ya pepopunda. Mahali palipofugwa ng'ombe na kumwagwa samadi, hilo halina mjadala. Kila aliyeshika samadi anaosha mikono kabla ya kugusa andazi.

Ya pili ni nge na nyoka. Nge hukaa chini ya mawe na ndani ya marundo ya nyasi kavu, zilezile tunazowaambia waje nazo. Furushi linafunguliwa chini na kutikiswa kwa fimbo kabla ya kushikwa. Jiwe linageuzwa kwa jembe, likivutwa kuja kwako ili jiwe libaki kati yako na kilichomo. Miche iliyokaa kivulini usiku ina ubaridi na unyevu, na kifutu hupenda hapo, kwa hiyo mtu mzima anaipitia kwanza kwa fimbo ndefu. Akiumwa mtu na nyoka: akae, asitembee, avuliwe pete, bangili na viatu kabla hajavimba, kiungo kitulizwe kisisogee, na apelekwe hospitali kwa gari mara moja. Asichanjwe kwa wembe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kukaza. Tunaandika ubaoni jina la dereva na namba yake asubuhi hiyohiyo, na tunahakikisha gari lina mafuta. Mwaka mmoja gari lilikuwapo, funguo ikawa sokoni.

Ya tatu ni radi, kwa kuwa tunapanda msimu wa mvua na watoto wana vyuma mikononi kwenye uwanja wazi. Ngurumo ya kwanza ikisikika, filimbi ndefu moja: vyuma chini, wote darasani. Si chini ya mwarobaini mkubwa, wala si kwenye banda la baiskeli la mabati. Kazi inarudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na kila ngurumo mpya inaanzisha hesabu upya. Miche ambayo viriba vyake vimekwisha kuchanwa inafunikwa kwa gunia lililoloa, haitafanywa chochote na dakika hizo.

Jua lenyewe tumelikwepa kwa kuanza saa 12:30. Saa 4:00 tunamaliza, hata ikibaki mitano. Mitano hiyo inapandwa jioni na kundi dogo.

Wiki ya tatu na baada yake

Wanaklabu wanapita na daftari wiki tatu baada ya kupanda, saa moja asubuhi. Saa ni muhimu. Mche uliolegea majani saa saba mchana huenda unajikinga na jua tu, lakini uliolegea saa moja asubuhi una kiu. Ulio na majani ya njano huku udongo umelowa chapachapa unamwagiliwa kupita kiasi, na mara nyingi mwenye mti huo ni mtoto mwenye bidii kuliko wote. Asiulizwe kwa ukali. Ukiona vijia vya udongo vikipanda shina, ni mchwa: vikwanguliwe na nyasi zisogezwe.

Usioonekana na jani hata moja using'olewe kwanza. Kwaruza gome kwa ukucha, karibu na ardhi. Chini yake kukiwa kijani kibichi, uko hai na utachipua. Kukiwa kahawia na kavu, umekufa. Katika ile 80 tulikuta mitano imekufa: mitatu ya mpakani ambako shingo zilifukiwa, kundi lilelile moja, na miwili iliyoliwa na mbuzi kupitia pengo la miiba. Tulijazia mitano kutoka ile minane ya akiba kabla ya Februari kuisha. Baada ya Februari hatujazii tena hadi msimu mwingine.

Likizo ya Juni ndiyo iliyotutoa jasho. Shule inafungwa mwezi mzima, ukame umeanza, na wenye miti wengi wanasafiri. Tuligawa miti 73 ya mpakani na mbele ya madarasa kwa wanaklabu 19 wanaokaa mtaa wa jirani, na kwa kila mti tulizika chupa ya lita moja na nusu, imetobolewa tundu la sindano karibu na kitako, mdomo ukiwa juu ya ardhi. Inajazwa mara moja kwa siku mbili na maji yanashuka pole pole kwenye mizizi. Ni kidogo kuliko lita 20 za wiki, lakini hakuna tone linalokaushwa na jua. Mlinzi wa shule alipewa ufunguo wa bomba na daftari la kutia tiki. Tulipofungua Julai miti iliyokufa ilikuwa mingine minne, yote mahali ambapo chupa zilikuwa zimechukuliwa na watoto wa kuokota plastiki. Mwaka huu tumezizika zikiwa zimetobolewa ubavuni pia, chini ya shingo, hazifai tena kubebea maji ya kuuza.